SOMO LA HESABU: PETROLI NA OILI YA PIKIPIKI KWA MWAKA MZIMA

Ndugu mkulima, siku hizi ndizi, parachichi, maziwa na magunia ya mbolea hayachukuliwi tena kwa punda peke yake. Katika sehemu za Kenyenya, kaunti ya Kisii, mizigo mingi hupanda na kushuka vilima juu ya pikipiki. Jamaa wengine wameungana wakanunua pikipiki mbili, tatu au nne, wakaajiri vijana wa kuziendesha, na kazi yao ni kupeleka mizigo ya watu. Kazi hiyo ni nzuri, lakini fedha zake huingia kila jioni na kutoka kila asubuhi katika pampu ya petroli, hata mwisho wa mwaka mwenyewe hajui kama alipata faida au alizungusha fedha tu. Somo hili litakuonyesha jinsi ya kufanya hesabu ya vitu vyote vya majimaji ambavyo pikipiki hutumia kwa mwaka, na jinsi hesabu hiyo itakavyokuambia ni pikipiki gani ina ugonjwa.

1. Pima kwanza, ndipo uandike

Usianze kwa kukisia. Mwenye ng'ombe wa gredi hupima maziwa ya kila ng'ombe peke yake, wala hasemi tu kwamba ng'ombe wake wote wametoa debe moja. Fanya hivyo hivyo na pikipiki: kila moja iwe na ukurasa wake katika daftari.

Kipimo chenyewe ni hiki. Simamisha pikipiki wima juu ya stendi yake ya katikati, mahali palipo sawa, ukajaze tangi mpaka alama moja unayoweza kuikumbuka. Andika namba ya kilomita inayoonekana kwenye mita. Acha pikipiki ifanye kazi yake ya kawaida kwa juma moja, na kila lita inayotiwa iandikwe. Mwisho wa juma ijaze tena mpaka alama ile ile. Kilomita zilizokwenda uzigawanye kwa lita zote zilizotiwa baada ya kujaza mara ya kwanza. Kama ilikwenda kilomita 480 kwa lita 12, basi lita moja imekwenda kilomita 40.

Juma zima ni bora kuliko siku moja, kwa sababu safari ya kushuka Ogembo bila mzigo na safari ya kupanda na mikungu ya ndizi hazifanani hata kidogo. Na ikiwa mita imekufa, tengeneza waya wake kabla ya jambo lingine lolote. Pikipiki isiyo na mita haiwezi kufanyiwa hesabu, wala hutajua siku ya kubadilisha oili.

2. Mfano wa pikipiki tatu

Tuseme jamaa wa Kenyenya wana pikipiki tatu za namna ile ya injini ya sisi 100 hadi 150. Kila moja huenda kilomita 80 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 24,000 kwa kila pikipiki, na 72,000 kwa zote tatu. Bei tutakazotumia ni za mfano. Wewe weka zile unazolipa.

Petroli: Kilomita 72,000 kwa kilomita 40 kila lita ni lita 1,800. Kwa shilingi 190 kila lita, ni shilingi 342,000.

Oili ya kubadilisha: Tunabadilisha kila kilomita 2,000, yaani mara 12 kwa kila pikipiki, mara 36 kwa zote. Kila mara lita 1, kwa shilingi 600. Jumla shilingi 21,600. (Injini nyingine hutaka zaidi ya lita 1, fuata kitabu cha pikipiki yako.)

Oili ya kuongeza: Injini iliyofanya kazi hula oili kidogo. Tunaweka mililita 100 kwa kila kilomita 1,000. Hizo ni lita 7 na kidogo, yaani chupa 8. Jumla shilingi 4,800.

Mafuta ya mnyororo: Tunapaka kila kilomita 500, mara 144 kwa zote, kama mililita 10 kila mara. Lita 2 za oili nzito ya gia, SAE 90, zinatosha. Jumla shilingi 1,200.

Mafuta ya taa ya kuoshea mnyororo: Lita 4, shilingi 640.

Oili ya miguu ya mbele: Hubadilishwa mara moja kwa mwaka. Lita 2 kwa zote tatu, shilingi 1,400.

Jumla kuu ni shilingi 371,640. Pikipiki hizi hupozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna maji ya rejeta ya kununua. Kama yako ina breki ya sahani, ongeza chupa ndogo ya mafuta ya breki ya namna iliyoandikwa kwenye kifuniko chake.

Sasa gawanya. Kwa kila kilomita moja, majimaji haya yanakula shilingi 5 na senti 16. Kwa kila pikipiki, kila siku ya kazi, ni shilingi 413. Hizo si faida. Jioni zikihesabiwa fedha, ziwekwe kando kwanza, ndipo mtu aanze kuzungumza habari ya kugawana. Tena ukikubali kupeleka mzigo mahali pa kilomita 15, kumbuka kwamba kwenda na kurudi ni kilomita 30, nazo zimekula shilingi 155 kabla ya mshahara wa kijana, mipira na bima.

3. Mahali pa kuokoa, na mahali pasipo akiba

Tazama tena hesabu ile. Katika kila shilingi 100 zinazotumika, 92 ni za petroli. Oili na mafuta mengine yote pamoja ni shilingi 8 tu. Lakini watu wengi, wakitaka kuokoa, huanza na zile shilingi 8.

Tuseme wale jamaa waamue kubadilisha oili kila kilomita 4,000 badala ya 2,000. Wataokoa shilingi 3,600 kwa mwaka kwa kila pikipiki. Muulize fundi wako bei ya pistoni, ringi na kuchonga silinda, uiweke kando ya hizo 3,600. Oili iliyochoka huwa nyembamba na yenye masizi na vumbi la chuma, na injini ndogo inayopanda kilima na mzigo huichosha upesi.

Usibadilishe pia kwa oili yoyote ile. Katika pikipiki nyingi za namna hii, klachi imo ndani ya oili ile ile ya injini. Oili nyingine za magari zimetiwa dawa ya kuteleza, na klachi ikiipata huteleza: injini hulia kwa nguvu lakini pikipiki haipandi. Nunua chupa yenye alama ya JASO MA au MA2, na uzito unaoandikwa katika kitabu, kama vile 20W-50.

Sasa tazama petroli. Pikipiki moja ikishuka kutoka kilomita 40 kwa lita mpaka 35, itataka lita 86 zaidi kwa mwaka, nazo ni zaidi ya shilingi 16,000. Oili yote ya pikipiki hiyo kwa mwaka ni shilingi 8,800 tu. Basi upungufu huo mdogo, ambao kijana haoni akiwa juu ya kiti, hula karibu mara mbili ya bei ya oili yake. Hapo ndipo penye akiba.

4. Daftari likionyesha upungufu, tafuta hivi

Kwanza upepo wa mipira na filta ya hewa. Vumbi jekundu la barabara za murram huziba filta upesi; injini ikikosa hewa hunywa petroli nyingi. Fungua plagi: ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, petroli inazidi hewa.

Pili breki. Inua gurudumu la nyuma, uweke gia huru, ulizungushe kwa mkono. Likisimama mara moja, breki inakwaruza au mnyororo umekazwa kupita kiasi.

Tatu mnyororo wenyewe. Uoshe kwa mafuta ya taa na brashi, uukaushe kwa kitambaa, kisha utie oili upande wa ndani, sehemu ya chini, ukizungusha gurudumu kwa mkono. Injini iwe imezimwa kabisa. Wengi wamekatwa vidole kwa kupaka huku gurudumu likizungushwa na injini. Fanya jioni, mnyororo ukiwa bado na joto, ili oili iingie ndani usiku. Katika majira ya mvua paka mara nyingi zaidi, kwa kuwa matope huiosha. Oili chafu iliyotoka katika injini ni afadhali kuliko mnyororo mkavu, lakini ina vumbi la chuma, nayo hurushwa upesi.

Nne, oili ya kuongeza. Itazame kila asubuhi, injini ikiwa imepoa na pikipiki imesimama wima. Ikiwa mwezi hata mwezi kiasi cha kuongeza kinazidi, weka boksi la karatasi chini ya injini usiku. Likipata madoa, oili inavuja. Likiwa kavu, na moshi wa samawati unatoka nyuma, ringi au mipira ya valvu imekwisha. Mpeleke fundi mapema.

5. Bei ikipanda

Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli tarehe 14 ya kila mwezi, nayo huanza usiku huo mpaka tarehe 14 inayofuata. Basi mwezi wa daftari lako uanze tarehe 15, na kila ukurasa utakuwa na bei moja tu. Oktoba 2023 bei ya Nairobi ilifika shilingi 217 na senti 36. Jamaa wetu wakikutana na shilingi 217 kwa mwaka mzima, wataongeza shilingi 48,600. Kuweka kando shilingi 54 zaidi kwa kila pikipiki kila siku kunatosha kujaza pengo hilo.

Jihadhari na petroli ya chupa kando ya njia. Mara nyingi ni ghali kuliko ya pampu, na ikichanganywa na mafuta ya taa injini hugonga na kutoa moshi, na kilomita hupungua.

Neno moja la shamba: jamaa hawa watatoa kama lita 36 za oili chafu kwa mwaka. Isimwagwe katika mfereji unaoshuka Mto Gucha. Iwekwe katika mtungi wenye kifuniko, ipelekwe kwa fundi anayeuza oili chafu kwa wakusanyaji.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Pikipiki ilikwenda kilomita 455 kwa lita 13. Lita moja ilikwenda kilomita ngapi?
2. Kwa mwendo huo, itataka lita ngapi kwa kilomita 24,000?
3. Kijana anasema injini inalia lakini haipandi kilima, na juzi ulitia oili ya gari. Utafanya nini?

Majibu: (1) 35. (2) Kama 686. (3) Mwaga oili hiyo, utie ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Klachi ikiendelea kuteleza, sahani zake zimekwisha.