Insulini Safarini: Kutoka Singida Hadi Guangzhou

Mwenye kisukari anayetoka Singida kwenda Hija hahitaji kugusa ratiba yake ya sindano, maana saa za Makka ni sawa na zetu. Dereva wa lori anayevuka Rusumo kwenda Kigali atakuta saa ziko nyuma kwa moja tu. Huyo naye aendelee na saa za nyumbani. Kazi ipo kwa mfanyabiashara anayefuata mzigo Guangzhou, China, ambako saa ziko mbele yetu kwa 5.

Tumchukue mama anayetumia insulini ya mchanganyiko 30/70, yuniti 20 saa 1 asubuhi na yuniti 10 saa 1 usiku, nusu saa kabla ya kula. Anachoma ya jioni kwa saa za Singida, anatua, anaona saa ya ukutani inasema saa 1 asubuhi, anachoma tena. Kwa mwili wake zimepita saa 7 tu badala ya 12. Dozi ya jioni bado inafanya kazi, ya asubuhi inaongezeka juu yake, na sukari inashuka vibaya: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupoteza fahamu.

Njia salama ni kusogeza saa kidogo kidogo, baada ya kukubaliana na kliniki inayomhudumia. Siku mbili kabla ya safari achome mapema kwa saa moja kila siku: kwanza saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, kesho yake saa 11 alfajiri na saa 11 jioni. Huko Guangzhou saa hizo ni saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Basi ndani ya ndege saa ya mkononi ibaki ya Tanzania, na akishafika aendelee kusogeza saa moja kila siku mpaka arudi kwenye saa 1 na saa 1 za huko. Chakula kisogee pamoja na sindano. Kwenye ndege asichome kabla sahani haijawekwa mbele yake, maana chakula cha ndege huchelewa bila taarifa. Apime sukari kabla ya kila sindano. Tiketi huandika saa 24: 17:00 ni saa 11 jioni. Aliyebaki nyumbani aandike ratiba yote kwa saa zetu, kisha ampigie simu saa ya sindano ikifika.

Sukari ikiwa chini ya 4 kwenye kipimo, ale vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15. Asali yetu ya Singida inafaa pia, kijiko kikubwa kimoja, ila chupa ya zaidi ya mililita 100 itazuiwa kwenye ukaguzi. Abebe sukari kwenye karatasi.

Insulini yote ikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe isiwekwe kwenye begi la chini ya ndege, kwa sababu huko inaweza kuganda, na iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Awe na barua ya daktari inayotaja dawa na sindano, aionyeshe kabla mkoba haujapekuliwa.

Chupa ambazo hazijafunguliwa zinahitaji nyuzi 2 hadi 8. Inayotumika hudumu wiki 4 mahali pasipozidi nyuzi 25. Nyumbani, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji, kivulini panapopita upepo, hupoza vizuri kwa sababu hewa ya Singida ni kavu. Dar es Salaam hewa ina unyevu, chungu hicho hakisaidii sana. Kwenye basi atumie chupa ya chai yenye mdomo mpana: barafu chini, taulo nene juu yake, kisha insulini, zisigusane. Mkoba usiwekwe kwenye buti wala juu ya dashibodi. Insulini ya mchanganyiko ikiviringishwa viganjani huwa nyeupe sawasawa. Ikibaki na mabonge au ukungu ulioganda kwenye kioo, itupwe.

Kwa safari ya wiki mbili chupa moja ya yuniti 1,000 inatosha, lakini abebe tatu: inayotumika, ya akiba, na nyingine ibebwe na mwenzake wa safari. Asitegemee kununua huko. China na India zipo chupa zenye yuniti 40 kwa mililita, wakati zetu zina 100. Akivuta dawa hiyo kwa sindano yetu hadi mstari wa 20, atakuwa amepata yuniti 8 tu. Akilazimika kuinunua, anunue na sindano zake zilizoandikwa U-40, wala asizichanganye na za nyumbani.