Kundi changa lisihukumiwe mapema

SWALI: Jedwali letu la Kibiti linaonyesha watoto waliozaliwa karibuni wanahama sana. Ni kweli?

JIBU: Huenda ni kosa la hesabu. Kwa mfano, ufuatiliaji wa kaya Rufiji, ulioanza 1998, ulitembelea kila nyumba kila baada ya miezi 4. Kila duru ilizaa safu mpya ya watoto, na safu za karibuni huwa na watoto ambao hawajatimiza umri unaopimwa.

Tuseme kundi lina watoto 30. Siku ya hesabu, 18 tu wametimiza siku ya kufikia miezi 12 tangu kuzaliwa, na 15 kati yao walikuwapo siku hiyo ya kutimiza. Waliobaki ni 15/18, asilimia 83, si 15/30.

Hao 18 wapatikane kwa tarehe ya kuzaliwa, waliohama wakiwemo. Asipokuwepo aliyetimiza, kisanduku kibaki wazi. Sifuri ingemaanisha wote wameondoka.