Urejelezi wa Maandiko Matakatifu: Musa, Yuda na Punje ya Ngano

Somo hili ni la mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma fasihi pamoja na elimu ya dini. Baada ya kulisoma unapaswa kuweza kutambua mahali mwandishi anaporejelea Maandiko, kueleza anachokusudia, na kujibu swali la mtihani bila kuishia kutaja jina la nabii tu.

Urejelezi ni nini?

Tuanze nyumbani. Tuseme unatoka Kiandutu kuelekea mjini Thika, ukapita duka la mabati lililoandikwa "Ebeneza" juu ya mlango. Mwenye duka hakueleza neno hilo. Anategemea kwamba unajua kisa cha 1 Samweli 7:12, Samweli aliposimamisha jiwe baada ya Wafilisti kushindwa, akakiri kwamba Mungu amewasaidia hadi hapo. Sasa fungua sura ya 4 ya kitabu hicho hicho. Utaona kwamba Waisraeli walipiga kambi Ebeneza na wakashindwa vibaya, hata sanduku la agano likatekwa. Jina hilo basi limebeba kushindwa na kuinuka. Kama duka liliwahi kuteketea kwa moto likajengwa upya, neno moja limesimulia habari yote.

Huo ndio urejelezi: mwandishi hutaja jina, tukio au wazo la matini nyingine, akamwachia msomaji kazi ya kukamilisha maana. Usiuchanganye na mdokezo. Mdokezo ni kauli inayoachwa bila kukamilishwa, na aghalabu huonyeshwa kwa nukta tatu. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa sababu ya majina haya mawili.

Maswali matatu ya kukuongoza

Kila unapokutana na urejelezi, jiulize:

1. Umetoka wapi? Taja kitabu na kisa.
2. Unafanana wapi na kisa cha asili?
3. Umegeuzwa wapi, na kwa nini?

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Mwandishi anapochukua kisa cha Biblia, mara nyingi hakirudii kilivyo. Hukipindua mahali fulani, na hapo ndipo anaposema jambo lake mwenyewe.

Mfano: *A Grain of Wheat*

Riwaya hii ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilitoka mwaka 1967. Matukio yake yanazunguka kijiji cha Thabai katika siku chache kabla ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, huku wahusika wakikumbuka miaka ya Hali ya Hatari. Jina lake lina maana ya punje ya ngano, nalo limetoka katika Maandiko. Katika 1 Wakorintho 15:36 Mtume Paulo anafundisha kwamba mbegu haipati uhai isipokufa kwanza. Katika Yohana 12:24 Yesu anasema kwamba punje ya ngano isipoanguka ardhini na kufa hubaki peke yake, lakini ikifa huzaa sana.

Kihika, mpiganaji wa msituni, ana Biblia yake ambamo amepigia mistari aya kadhaa, zikiwemo zinazohusu Farao na mateso ya Waisraeli. Anakamatwa na kunyongwa hadharani juu ya mti. Jibu jepesi ni kusema, "Kihika ni Yesu, kwa hiyo yeye ndiye punje." Si kosa, lakini ni nusu ya jibu. Linaeleza mfanano na kuacha mgeuzo.

Mgeuzo uko kwenye mavuno. Katika Injili, punje inayokufa huzaa sana. Katika riwaya, Uhuru unapokaribia, Gikonyo na wenzake wanapanga kununua shamba la mzungu mmoja na kwenda kumwomba mbunge wao awasaidie kupata mkopo. Baadaye wanagundua kwamba mbunge mwenyewe amelichukua shamba hilo. Kihika amekufa, mbegu imeota, ila mwenye kuvuna si yule aliyetarajiwa. Ngũgĩ anatumia ahadi ya Maandiko kama kipimo cha kupimia viongozi. Mwanafunzi anayeishi Kiandutu, ambako suala la ardhi ni gumzo la kila siku, ataelewa kwa nini mwandishi aliweka shamba mahali hapo badala ya kitu kingine.

Mugo: Musa au Yuda?

Mhusika anayehitaji uangalifu zaidi ni Mugo. Ni yatima aliyelelewa na shangazi mlevi, mtu mpweke anayelima kishamba chake na kutaka kuachwa kwa amani. Baada ya kutoka kizuizini, wanakijiji wanamwona shujaa na wanataka awe msemaji mkuu siku ya Uhuru. Wasichojua ni kwamba Mugo ndiye aliyemsaliti Kihika kwa wakoloni.

Kwanza mtazame kama Musa. Mugo ana nyakati za kuhisi kwamba ameitwa, kama Musa alivyoitwa kutoka kwenye kijiti kilichowaka moto katika Kutoka 3. Tena anakataa kuhutubia, na Musa naye alijitetea katika Kutoka 4:10 kwamba si msemaji. Mfanano uko wazi. Lakini Musa alikataa kwa kuona ulimi wake mzito, ilhali Mugo anakataa kwa sababu ya siri nzito. Wanakijiji wanadhani ukimya wake ni unyenyekevu wa nabii. Msomaji anayejua kisa cha Musa anaona kinaya kinazaliwa hapo: watu wanamtaka Musa, na waliyenaye ni msaliti.

Pili mtazame kama Yuda. Yuda Iskariote alimuuza mwalimu wake kwa vipande 30 vya fedha. Mathayo 27:3-5 inasimulia kwamba alijuta, akarudi kwa makuhani na kukiri kwamba amesaliti damu isiyo na hatia. Wao wakamwambia hilo si shauri lao. Akazitupa fedha hekaluni, akaenda kujinyonga. Mugo naye anasaliti na kujuta. Lakini angalia mahali kisa kinapogeuzwa:

Sababu ya usaliti ni tofauti. Kihika, baada ya kumwua Afisa wa Wilaya, alikimbilia kwenye kibanda cha Mugo usiku na kumtaka ajiunge na harakati. Mugo aliona utulivu wake umevunjwa na maisha yake yametiwa hatarini. Hofu na kinyongo vilimsukuma kabla ya tamaa ya fedha.

Mahali pa kukiri ni tofauti pia. Yuda alikiri kwa wakubwa waliomtumia, nao wakampuuza. Mugo anasimama mbele ya umma siku ya Uhuru na kujitaja mwenyewe. Siku hiyo wapiganaji wa zamani walikuwa tayari kumshutumu Karanja, aliyewatumikia wakoloni, kuwa ndiye aliyemsaliti Kihika. Kwa maneno machache Mugo anamwondolea Karanja shutuma hiyo na kujitwika mwenyewe hukumu.

Matokeo nayo yanatofautiana. Kifo cha Yuda hakimponyi mtu. Kukiri kwa Mugo kunamfanya Gikonyo, ambaye naye alikiri kiapo kizuizini ili arudi kwa Mumbi, atazame udhaifu wake bila kujificha na kuanza safari ya kupatana na mkewe.

Sasa rudi kwenye jina la riwaya. Nani ni punje ya ngano? Ukiwa na ushahidi huu unaweza kutetea hoja kwamba si Kihika peke yake. Mugo anapokubali kuipoteza sifa yake ya shujaa, kitu kinakufa ili wengine wapate nafuu. Mtu mmoja amebeba nafasi ya Musa, ya Yuda na ya mbegu. Mwandishi anatuzuia tusiwagawe watu wa Thabai kuwa malaika na mashetani.

Urejelezi usiogeuzwa

Si kila mwandishi hupindua Maandiko. Katika utenzi wa *Al-Inkishafi*, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anauonya moyo wake kwa kuuonyesha magofu ya Pate, mahali palipokuwa na majumba ya matajiri. Kuelekea mwisho anataja majina ya moto wa akhera, kama vile Hawiya na Hutama. Hawiya imo katika Sura ya 101 ya Kurani, na Hutama imo katika Sura ya 104, inayomlaani mtu anayekusanya mali akidhani itamfanya aishi milele. Mshairi hageuzi kitu. Anaegemea Maandiko yalivyo, na jina moja linatosha kuunganisha mali iliyooza Pate na onyo la Sura hiyo. Katika swali la tatu, basi, jibu laweza kuwa: "Haukugeuzwa, mwandishi anautumia kama ushahidi wa kukubalika." Hilo pia ni jibu kamili, mradi ulieleze.

Kosa la kulazimisha

Gikonyo ni seremala. Je, ni Yesu au Yusufu? Usiharakishe. Ushahidi wenye nguvu ni jina lililotajwa, aya iliyonukuliwa, au mfululizo wa matukio unaolingana. Kazi moja inayofanana haitoshi. Katika riwaya, useremala wa Gikonyo unaelezwa vizuri zaidi na kigoda anachokusudia kumchongea Mumbi, ishara ya ndoa inayotengenezwa upya. Kama maelezo ya ndani ya kitabu yanatosha, usiyaache kwa ajili ya mfanano wa mbali.

Zoezi

1. Tofautisha urejelezi na mdokezo. (alama 2)
2. Eleza jinsi kisa cha Musa kinavyojenga kinaya katika usawiri wa Mugo. (alama 4)
3. "Mugo ni Yuda wa Thabai." Jadili. (alama 10)
4. Linganisha matumizi ya Maandiko katika riwaya uliyosoma na katika *Al-Inkishafi*. (alama 4)

Mwongozo wa swali la 3

Neno "jadili" linakutaka uonyeshe pande zote mbili. Anza kwa mfanano: usaliti wa mtu aliyewaamini, na majuto. Kila hoja ifuatwe na tukio la riwaya pamoja na kisa cha Mathayo. Kisha onyesha tofauti tatu: sababu, mahali pa kukiri, na matokeo. Hitimisha kwa msimamo wako. Aya ya hoja moja inaweza kuwa hivi:

"Mugo anatofautiana na Yuda katika kukiri kwake. Yuda anakiri kwa makuhani, ambao hawajali, kisha anajiua peke yake. Mugo anakiri mbele ya umma siku ya Uhuru, jambo linalomwondolea Karanja shutuma ya kumsaliti Kihika. Kwa hiyo mwandishi anatumia kisa cha Yuda kuonyesha kwamba ukweli ukisemwa hadharani huweza kuwafaa waliobaki, hata kama msemaji ataadhibiwa."

Hesabu sentensi hizo: hoja, Maandiko, riwaya, maana. Ukikosa ya mwisho, umesimulia tu.