Kusoma Wasifu wa Afisa wa Mashauri ya Watoto

Mwongozo huu ni kwa wajumbe wa kamati za ajira katika mashirika yanayohudumia watoto. Tuchukue mfano wa tangazo la nafasi wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Tangazo linataka afisa atakayebeba mashauri yasiyozidi 25 kwa wakati mmoja, mwenye mafunzo ya ulinzi wa mtoto na aliyezoea kutunza majalada. Hiyo 25 haikubuniwa. Ndiyo kikomo kinachotajwa katika viwango vya kimataifa vya ulinzi wa mtoto wakati wa dharura, kwa sababu afisa akizidiwa, watoto walio katika hatari kubwa ndio wanaokosa kutembelewa.

Anza na idadi ya mashauri, maana hapo ndipo wasifu mwingi unapopotosha, hata bila nia mbaya. Tuseme mwombaji wa kwanza ameandika: "Nilihudumia watoto 640 katika miaka 2." Gawa 640 kwa miezi 24, unapata watoto wapya kama 27 kila mwezi. Ikiwa shauri hukaa wazi miezi 6 kwa wastani, angekuwa na majalada takriban 160 mezani kwa wakati mmoja. Hakuna anayeweza kuwatembelea watoto 160, kuwapangia huduma na kuwafuatilia. Basi ama amehesabu waliohudhuria mikutano ya uhamasishaji na kugawiwa vifaa, ama ameandika idadi ya timu nzima, ama alikuwa akipokea taarifa na kuzipeleka kwingine kwa rufaa.

Mwombaji wa pili ameandika hivi: "Mashauri 22 kwa wakati mmoja, 9 yakiwa ya hatari kubwa, nilifunga 41 katika miaka 2." Ukijumlisha 41 yaliyofungwa na 22 yaliyobaki unapata 63; zidisha 22 kwa miezi 24, ugawe kwa 63, na kila shauri linakuwa limechukua karibu miezi 8 kwa wastani. Hesabu inashikana. Zaidi ya hapo, anajua kupanga mashauri kwa uzito wa hatari, na anajua kwamba shauri lina mwisho.

Hata hivyo, msimtupe wa kwanza haraka. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kubeba kata kadhaa peke yake, akishughulikia matunzo ya watoto, migogoro ya ndoa na wazee, yote kwa mkupuo. Idadi yake inaweza kuwa ya kweli, ila kazi ni ya aina nyingine. Mpigieni simu mumuulize: katika mwezi wako wa mwisho kazini, ulikuwa na majalada mangapi wazi, na watoto wangapi ulifika kwao? Aliyefanya kazi hiyo hujibu mara moja, tena huwa na maelezo ya kwa nini wengine hakuwafikia.

Kwenye mafunzo, tenganisheni mambo mawili ambayo waombaji wengi huyaandika kama moja. La kwanza ni kushughulikia mtoto aliyefanyiwa ukatili huko nje: Sheria ya Mtoto ya 2009, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, fomu ya PF3, hospitali. La pili ni kuhakikisha shirika lenyewe, yaani wafanyakazi wake, madereva na watu wa kujitolea, halimdhuru mtoto. Cheti cha la kwanza hakithibitishi la pili. Tazameni nani alitoa mafunzo, mwaka gani, kwa siku ngapi, kisha mtafute jukumu lililofuata. Aliyeandika kwamba baada ya mafunzo alikabidhiwa kupokea malalamiko dhidi ya wafanyakazi amewaambia mengi kuliko mwenye vyeti vitano vya saa moja vya mtandaoni.

Kuhusu majalada, maneno "niliandaa ripoti" hayatoshi, kwani ripoti ya robo mwaka kwa mfadhili si jalada la mtoto. Tafuteni fomu ya tathmini, mpango wa huduma, maelezo ya ziara yenye tarehe, ridhaa, na mapitio ya msimamizi. Mwombaji akiambatisha kurasa za jalada halisi lenye jina la mtoto au kijiji chake, hilo ni kosa zito la kutunza siri, na kamati ilipe uzito kuliko sifa zake nyingine. Kurasa hizo zisisambazwe kwa wajumbe wengine.

Kwa hiyo msiombe sampuli ya kazi aliyokwisha kufanya. Siku ya usaili, wapeni wote kisa cha kubuni cha nusu ukurasa na dakika 30 waandike maelezo ya ziara. Mtakapoyasoma, angalieni kama alichokiona, alichoambiwa na anachodhani vimekaa mbalimbali. "Mtoto ananyanyaswa na mama wa kambo" ni hukumu. "Mtoto ana michubuko miwili mkono wa kushoto, amesema alipigwa jana jioni, mama wa kambo amesema alianguka" ni maelezo ambayo afisa atakayerithi jalada, au hakimu, anaweza kuyafanyia kazi. Kisha muone kama ameandika hatua inayofuata, ya nani, na lini.