Dosali ni Upande Gani? Mende, Chura na Maneno Manne ya Kilatini

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa Baolojia kidato cha sita, na kipindi cha kupasua mende kilianza na swali ambalo sikulitegemea. Mwanafunzi wa mbele aliuliza: "Ticha, panya tulimlaza chali tukampasua tumboni. Huyu mende kwa nini unatuambia tumpasue mgongoni?" Swali zuri sana lile. Jibu lake limekaa ndani ya maneno mawili ambayo wengi wetu tumeyakariri tu, dosali na ventrali, kwa hiyo wacha tuyafungue.

Dosali limetokana na dorsum, yaani mgongo kwa Kilatini. Ventrali limetokana na venter, tumbo. Hapo hakuna uchawi. Shida inaanza pale mtu anapodhani dosali maana yake ni "juu" au "nyuma". Kwa samaki pezi la dosali lipo juu kweli, kwa sababu samaki anaogelea tumbo likiwa chini. Kwa mtu aliyesimama, dosali ni nyuma. Ukimlaza panya chali, dosali yake sasa iko chini, imegusa trei. Mnyama amegeuka lakini neno halijageuka, na hiyo ndiyo kazi yake: linafuata mwili wenyewe, halifuati sakafu wala macho yako.

Sasa turudi kwa mende. Mnyama mwenye uti wa mgongo amebeba neva yake kuu upande wa dosali, ndani ya pingili za mgongo, na moyo wake uko upande wa ventrali. Mdudu amepangwa kinyume. Moyo wa mende ni mrija mwembamba uliolala chini kidogo ya vibamba vya mgongo, na neva yake kuu inapita sakafuni mwa tumbo, upande wa ventrali. Utumbo upo katikati kwa wote wawili. Mfaransa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire aliliona hili kwa kamba kochi, na mwaka 1822 akaandika kwamba ukimgeuza chali, viungo vyake vinapangika kama vya mnyama mwenye uti wa mgongo. Wenzake wengi hawakukubali, lakini mpangilio wenyewe unaonekana kwa macho kwenye trei yoyote ya maabara.

Kwa hiyo mende analazwa tumbo chini. Kata mabawa na miguu, mbane kwa pini kwenye nta, mfunike na maji ili viungo vielee na visigandamane. Ingiza ncha ya mkasi mdogo pembeni mwa tumbo kuanzia nyuma, ukate kwenda mbele upande mmoja, kisha upande wa pili, ncha ya mkasi ikiwa imeinuliwa juu muda wote. Halafu nyanyua vibamba vya mgongo kimoja kimoja kwa koleo ndogo. Usivitupe! Geuza kibamba uangalie upande wake wa ndani, maana moyo mara nyingi unatoka nacho. Baada ya hapo utakuta mafuta meupe yamejaa kila mahali. Yaondoe polepole, kisha uvute utumbo kando na kuubana pembeni. Chini yake ndipo utaona neva: uzi mweupe uliokaa wawili wawili, wenye vifundo vitatu kifuani na sita tumboni.

Ukianzia ventrali, mkasi wako wa kwanza unapita palepale neva ilipo. Kundi moja siku ile lilifanya hivyo, kwa mazoea ya panya. Utumbo waliupata mzima kabisa, wakafurahi, lakini walipotafuta vifundo vya neva walikuta vipande viwili vitatu vimening'inia kwenye ganda. Dalili ndiyo hiyo: utumbo upo, neva haipo. Na mende yule hatengenezeki tena.

Kwa panya na chura ni kinyume chake, unafungua ventrali kwa sababu mgongoni kuna mifupa na nyama nene. Ila kwa chura kuna mtego. Ukishafungua ngozi, katikati ya ukuta wa tumbo utaona mstari wa rangi nyeusi au ya buluu. Ule ni mshipa wa vena, na ukikata juu yake damu inajaa trei yote. Kata msuli pembeni kidogo ya mstari. Mshipa huo vitabu vingine vinauita wa ventrali, vingine vinauita wa anteria, na hapo ndipo wanafunzi wanachanganyikiwa. Anteria maana yake ni mbele. Kwa mtu aliyesimama, mbele ni tumboni, kwa hiyo anteria na ventrali zinakutana. Kwa chura, mbele ni kichwani. Jina la anatomia ya binadamu limehamishiwa kwa mnyama anayetembea tumbo chini, likawa halikai vizuri. Kwa maoni yangu mwalimu atumie ventrali tu.

Kwenye kuchora pia kuna alama zinapotea. Ukiambiwa chora panya kwa mwonekano wa ventrali, yeye amelala chali anakutazama, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwako. Tumbo la chakula, ambalo liko kushoto mwa mwili wake, litakuwa upande wa kulia wa karatasi. Mende uliyemfungua dosali, kichwa kikiwa mbali nawe, kushoto kwake ni kushoto kwako.

Maneno mawili yaliyobaki, proksimali na distali, hayafuati mgongo wala tumbo. Yanauliza: ukianzia kwenye shina, kipi kipo karibu na kipi kipo mbali? Kwa mkono, shina ni bega. Kiwiko ni distali kwa bega, lakini ni proksimali kwa kifundo cha mkono. Huwezi kusema "kiwiko ni distali" ukanyamaza, lazima useme kwa nini kingine. Daktari akiandika kwamba mfupa wa redio umevunjika sehemu ya distali na kipande kimesogea dosali, anamaanisha umevunjika karibu na kifundo, na kipande kimeelekea mgongo wa mkono, siyo kiganja. Mtu aliyeanguka akajikinga kwa kiganja huvunjika hivyo mara nyingi. Maneno mawili tu na picha yote ipo.

Lakini mfano ninaoupenda ni nefroni ya figo. Mrija wake una sehemu ya proksimali na sehemu ya distali, zote zimejikunja. Wanafunzi wengi huchora ile ya distali mbali kabisa na glomerulasi, kwa sababu jina limewaambia "mbali". Kiukweli mrija unatoka kwenye kapsuli, unashuka ndani ya figo, unapiga kona, unapanda tena, na pale unapoanza sehemu ya distali unagusa glomerulasi yake mwenyewe. Kwa rula ni karibu kabisa. Kwa safari ya mkojo ni mbali, maana maji lazima yapite kwanza proksimali na ile kona ndefu. Shina hapa ni kapsuli, na umbali unahesabiwa kwa kufuata mrija. Na ule mgusano una kazi: seli za pale hupima chumvi iliyobaki kwenye mrija na kurekebisha kiasi cha damu kinachochujwa. Ukimchorea mwanafunzi sehemu hizo mbili zikiwa mbalimbali, huna tena pa kuuonyesha mgusano huo.