Dondoo muhimu: Ili, kwamba, ingawa na kama

Unapoandika taarifa ya mafuriko ya Mto Tana kutoka Wenje, kagua kitenzi kinachofuata kiunganishi.

1. Baada ya *ili*, ondoa kiambishi cha wakati na umalizie kwa -e: "Wahamie mwinukoni ili wapate usalama", si "ili wanapata".
2. Ukikanusha, tumia -si-: "Inueni magunia ili mahindi yasilowe", si "ili hayalowi". Hapa ndipo wengi huteleza, hata walimu.
3. Vitenzi vya asili ya Kiarabu visivyoishia kwa -a havibadiliki mwishoni: andika "ili turudi", kamwe si "ili turude".
4. Baada ya *kwamba*, acha wakati ulivyo: "Chifu amesema kwamba maji yamepungua". Ikiwa ni pendekezo, -e hurudi: "Amependekeza kwamba watu wahame".
5. Baada ya *ingawa*, taja wakati kama kawaida na usiongeze *lakini*: "Ingawa maji yamepungua, barabara ya Garsen haipitiki".
6. Kwa *kama* ya sharti lisilotimia, linganisha pande zote mbili: "Kama tungalihama mapema, tungaliokoa mbuzi". Usichanganye -nge- na -ngali-.