Fonti ya tasnifu chuo kinapotaka saizi 12 na nafasi ya 1.5

Kabla ya kuchagua, fungua mwongozo wa chuo chako usome ukurasa wa uchapaji. Mwongozo ukitaja Times New Roman, tumia hiyo hiyo. Ukitaja saizi na nafasi kati ya mistari tu, fonti ni hiari yako, na hapo ndipo wengi wanapoongeza kurasa bila kujua.

Saizi 12 maana yake ni pointi 12, na pointi 72 hufanya inchi moja. Lakini kinachopimwa si herufi yenyewe, bali kisanduku kisichoonekana inamokaa. Ndiyo sababu Garamond ya 12 huonekana ndogo kuliko Cambria ya 12.

Je, nafasi ya 1.5 si ileile kwa fonti zote? Hapana. Word huchukua kimo cha mstari cha fonti husika, kisha hukizidisha kwa 1.5. Kwa saizi 12, mstari wa Times New Roman hutoka pointi 20.7, na wa Calibri karibu 22. Kwenye karatasi ya A4 yenye pambizo za sentimita 2.54 juu na chini, hiyo ni mistari 33 dhidi ya 31. Mistari 3,300 itajaza kurasa 100 kwa Times na 107 kwa Calibri. Zidisha hizo saba kwa idadi ya nakala unazotakiwa kuwasilisha, kisha kwa bei ya ukurasa mmoja steshenari kwako. Mimi ningebaki na Times. Ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia mwaka 1932, ikabanwa makusudi.

Wanaoandika isimu wana kero yao. Ukiweka alama ya fonetiki kwa Doulos SIL katikati ya Times, mstari ule peke yake huachana na wenzake, kwa sababu Doulos ina kimo kikubwa. Teua aya hiyo, fungua Paragraph, na kwenye Line spacing chagua Exactly, uandike 20.7. Usifanye hivyo penye picha iliyo ndani ya mstari: itakatwa.

Kama huna Word, LibreOffice ni ya bure, na fonti yake ya Liberation Serif ina upana uleule wa herufi za Times. Hata hivyo, mwongozo ukitaja Times kwa jina, muulize msimamizi wako kwanza.

Usipeleke faili la Word kuchapwa. Kompyuta ya steshenari ikikosa fonti yako itaweka nyingine kimyakimya, na namba za kurasa zitapishana na yaliyomo. Hifadhi kama PDF, uifungue kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl+D, halafu Fonts. Kila jina la fonti liwe na neno Embedded au Embedded Subset pembeni. Lisipokuwapo, rudi kwenye Word, File, Save As, chagua PDF, fungua Options, uweke alama kwenye chaguo la PDF/A, kisha uitoe PDF upya.